Kutafsiri mwongozo wa jenereta ya akiba: maneno yanayoweza kuharibu mashine

Mwongozo wa jenereta ya dizeli hausomwi kitandani. Husomwa na fundi wa zamu aliyesimama mbele ya paneli, umeme wa gridi umekatika na watu wanamsubiri. Anachosoma, mkono wake unakifanya papo hapo. Ndiyo maana tafsiri yenye Kiswahili safi inaweza kuwa mbovu kabisa: sentensi inasomeka vizuri, ila mkono umekwenda upande usiotakiwa.

Mfano tutakaoufuata ni wa jenereta mbili za kVA 200 kila moja, za aina inayowekwa kwenye hospitali, hoteli au kiwanda kidogo. Volti ni 400 kati ya fezi na fezi, 230 kati ya fezi na nyutro, 50 Hz. Injini huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Kwa kipeo cha nguvu cha 0.8, yaani sehemu ya kVA inayofanya kazi halisi, kila moja hutoa kW 160.

Hatua ya 1: Anza na mashine, si na kitabu

Kabla ya kutafsiri ukurasa wa kwanza, omba picha za paneli, kibao cha jenereta, breka zote, kadi ya gavana inayoongoza mwendo wa injini, na chenjiova, swichi inayohamisha mzigo kati ya gridi na jenereta. Maneno yaliyochapwa kwenye vitufe na kwenye skrini usiyatafsiri: yaache kama yalivyo, kisha yaeleze kwa Kiswahili mara ya kwanza yanapotokea. Ukiandika “weka kwenye hali ya kujiendesha”, fundi atatafuta kitufe hicho na hatakiona, kwa sababu kilichopo mbele yake kimeandikwa `AUTO`. Andika “bonyeza `AUTO`, ambapo paneli hujiendesha yenyewe”, na baada ya hapo `AUTO` inatosha.

Kibao cha jenereta kinakusaidia pia kwenye majedwali. Miongozo mingi ina safu mbili, moja ya 50 Hz kwa mizunguko 1,500 na nyingine ya 60 Hz kwa mizunguko 1,800. Usifute safu yoyote, lakini weka juu ya jedwali sentensi moja: “Jenereta hii ni ya 50 Hz, soma safu ya kushoto.” Mtu aliyechoka husoma safu iliyo karibu na kidole chake.

Hatua ya 2: Ondoa “fungua” na “funga” kwenye breka

Hapa ndipo tafsiri nyingi zinapoanguka, na kosa lenyewe halionekani kwa macho ya mhariri.

Kwa Kiingereza cha umeme, breka iliyofungwa ni ile ambayo viungo vyake vimegusana na umeme unapita. Iliyofunguliwa ni ile ambayo viungo vimeachana, na umeme haupiti. Kwa Kiswahili mambo ni kinyume. Ukifungua bomba, maji yanatoka. Ukifungua redio, inaimba. Ukimwambia mtu “funga”, anajua unataka kitu kikome.

Sasa chukua agizo la kuhamisha mzigo kutoka gridi kwenda jenereta, lililotafsiriwa neno kwa neno: “Fungua breka ya gridi, kisha funga breka ya jenereta.” Msomaji wa Kiswahili ataiwasha ya gridi na kuizima ya jenereta. Na anapofika kwenye ukurasa wa kurejesha gridi, ataingiza breka ya jenereta huku ya gridi ikiwa bado imeshika. Chenjiova nzuri ina kizuizi cha chuma kinachozuia breka mbili kuingia pamoja. Palipowekwa breka mbili za kawaida bila kizuizi, jenereta itakutana na gridi bila kuoanishwa, au itasukuma umeme kwenye laini ambayo mafundi wa shirika la umeme wanaifanyia kazi wakiamini haina kitu.

Tumia “kata” na “ingiza”, na mara zote taja alama iliyo kwenye mkono wa breka:

“Kata breka ya gridi: shusha mkono hadi `O`. Hakikisha umeshuka kabisa. Kisha ingiza breka ya jenereta: pandisha mkono hadi `I`.”

Neno la tatu linahitaji kutengwa na haya mawili. Breka inapoachia kwa sababu ya mzigo kuzidi au shoti, andika “imejikata”, usiandike “imekatwa”. “Imekatwa” inaonyesha mkono wa mtu. “Imejikata” inamwambia msomaji kuna hitilafu ya kutafuta kwanza. Breka za aina ya boksi zikijikata, mkono hubaki katikati, na haziingii mpaka usukume mkono chini hadi `O` ndipo uupandishe. Kama mwongozo umesema kwa ufupi tu “iweke upya”, ongeza maelezo hayo, maana bila hayo fundi husukuma juu tu na kudhani breka imekufa.

Usifanye mabadiliko haya kwa kubadilisha neno kwenye faili zima kwa mkupuo. Koki ya dizeli bado “hufunguliwa” na “kufungwa”, na mlango wa paneli pia. Pitia kila mahali kwa jicho, ukijiuliza kinachozungumziwa ni umeme, kimiminika au mlango.

Hatua ya 3: Kwenye kuhamisha mzigo, onyesha nani anafanya

Sura ya kuhamisha mzigo kwa kawaida huchanganya kazi mbili: zile ambazo paneli hufanya yenyewe, na zile anazofanya mtu. Kiingereza huzificha zote ndani ya sentensi za kutendwa, “mzigo unahamishwa”, bila kusema na nani. Weka kanuni moja na uishike hadi mwisho: amri ni kwa mkono wa mtu tu (“bonyeza”, “kata”, “ingiza”), linalojifanya huandikwa kwa “hu-” na mtendaji wake atajwe (“paneli hukata”, “stata huzungusha”). Msomaji akiona amri anajua zamu ni yake.

Huu ni mfululizo wa kawaida ukiwa umeandikwa hivyo. Muda uliotajwa ni mfano; kwenye kila kazi chukua uliomo kwenye paneli husika.

“Umeme wa gridi ukikatika, paneli husubiri sekunde 2 kuhakikisha si mtikisiko tu. Kisha stata huzungusha injini kwa sekunde 10. Injini isipowaka, stata hupumzika sekunde 10 na kujaribu tena, jumla mara 3. Injini ikishawaka na volti na Hz zikatulia, paneli hukata breka ya gridi na kuingiza breka ya jenereta. Gridi ikirudi, paneli husubiri dakika 5, hurudisha mzigo kwenye gridi, kisha huiacha injini ikizunguka bila mzigo kwa dakika 5 ndipo huizima.”

Angalia “stata huzungusha” na “injini kuwaka”. Ukizitafsiri zote mbili “kuwasha”, utapata “washa injini kwa sekunde 10, pumzika sekunde 10”, na mtu anayeendesha kwa mkono ataiwasha na kuizima injini mara tatu akidhani anafuata utaratibu.

Sehemu nyingine ni ile dakika 5 ya mwisho. Kiingereza huiita muda wa kupoa, na tafsiri ya haraka ni “iache injini ipoe kwa dakika 5 kabla ya kuizima”, au vibaya zaidi, “subiri ipoe”. Fundi akisikia “ipoe” anaizima, kwa sababu kwake kitu hupoa kikiwa kimezimwa. Injini ya dizeli yenye tabo haipozwi hivyo. Inatakiwa iendelee kuzunguka bila mzigo ili oili na maji ya rejeta viendelee kubeba joto. Ikizimwa ghafla kutoka kwenye mzigo mkubwa, oili iliyobaki kwenye beringi za tabo huungua na kuganda kama lami. Andika “izunguke bila mzigo” na kupoa kutajitokeza kwenyewe.

Mwishowe kuna aina mbili za uhamisho ambazo Kiingereza huziita wa wazi na wa kufungwa, na hapo tatizo la hatua ya 2 hurudi. Ziite “uhamisho wenye mkato” na “uhamisho usio na mkato”. Kwa wa kwanza taa huzimika kidogo, na vyanzo viwili havikutani kamwe. Kwa wa pili hukutana kwa muda mfupi sana, kwa hiyo lazima viwe vimeoanishwa kwanza.

Hatua ya 4: Gavana na neno “drupu”

Gavana ndiye anayepima mwendo wa injini na kuongeza au kupunguza dizeli ili usibadilike hovyo. Neno gumu la sura hii ni drupu. Mafundi wengi wanalitumia hivyo hivyo, nasi tunashauri libaki, lakini mara ya kwanza lielezwe: drupu ni kiasi ambacho mwendo wa injini unaachwa ushuke kwa makusudi kadiri mzigo unavyoongezeka, kutoka bila mzigo hadi mzigo kamili.

Kosa la tafsiri hapa lina bei yake, na hesabu inaonyesha. Mwongozo unasema drupu iwekwe 4%. Mtafsiri asiyejua anaandika “punguza mwendo kwa 4%”. Fundi anachukua 1,500, anatoa 60, anaweka mizunguko 1,440 kwa dakika. Hiyo ni 48 Hz hata kabla ya mzigo kuingia. Paneli inaweza kukataa kuhamisha mzigo, na ikikubali, mota na transfoma zote zitafanya kazi kwa 48 Hz au pungufu ya hapo.

Kilichokusudiwa ni kingine kabisa:

```
drupu % = (Hz bila mzigo - Hz mzigo kamili) / Hz mzigo kamili x 100
(52 - 50) / 50 x 100 = 4
```

Yaani jenereta yetu bila mzigo isomeke 52 Hz, ikibeba nusu ya mzigo, kW 80, isomeke takribani 51 Hz, na ikibeba kW 160 ifike 50 Hz. Weka namba hizi tatu ndani ya tafsiri, hata kama mwongozo una asilimia peke yake. Fundi ana mita ya Hz mbele yake. Asilimia hana pa kuisoma. Gavana ikiwekwa bila drupu, mwendo hubaki 50 Hz kwa mzigo wowote, na kwa jenereta iliyo peke yake hilo ni jema. Jenereta mbili zilizounganishwa pamoja bila drupu, na bila waya za kugawana mzigo kati ya gavana zao, zitashindana: moja itabeba karibu mzigo wote na nyingine kusukumwa.

Neno hilo hilo hutokea pia kwenye sura ya kidhibiti volti cha jenereta, na huko nako kuna skrubu ya `DROOP`. Hiyo si ya mwendo. Inashusha volti kadiri mzigo wa kVAr, yaani ule usiofanya kazi halisi, unavyoongezeka, ili jenereta zinazofanya kazi pamoja zigawane kVAr. Andika “drupu ya mwendo” na “drupu ya volti” kila mahali, bila kufupisha, maana skrubu ziko kwenye kadi mbili tofauti na mtu anaweza kuzungusha ya kadi isiyo yake.

Skrubu ya `GAIN` huamua gavana ijibu kwa ukali kiasi gani mzigo unapobadilika. Maelekezo ya kawaida ni kuizungusha kulia polepole mpaka injini ianze kuyumba, kisha kuirudisha kushoto mpaka itulie. Kuyumba huko kwa Kiingereza kuna jina la kuwinda, na kwa kweli kuna tafsiri zinazosema “injini inawinda”. Andika kinachosikika: “mlio wa injini unapanda na kushuka wenyewe bila mzigo kubadilika, na Hz hazitulii.” Ukali ukipungua sana hitilafu ni nyingine: mzigo mkubwa ukiingia, mwendo huzama na kuchelewa kurudi. Mpe msomaji dalili zote mbili, ajue amezungusha kupita upande upi.

Hatua ya 5: Kuoanisha, na saa ya Kiswahili

Kuoanisha, ambako mafundi wengi husema kusinkronaizi, ni kuifanya jenereta inayoingia ifanane na ile iliyo kazini kabla ya kuingiza breka kati yao. Volti zilingane, Hz zikaribiane, mpangilio wa fezi uwe mmoja, na mawimbi yawe yanapanda na kushuka pamoja. Hilo la mwisho huonyeshwa na sinkroskopu, mita ya duara yenye mshale unaozunguka.

Karibu kila mwongozo unasema: ingiza breka mshale ukikaribia saa kumi na mbili. Kwa Kiingereza hiyo ni juu kabisa ya duara. Msomaji wa Kiswahili akiambiwa “saa kumi na mbili” huona jua likizama au likichomoza, na mshale mfupi wa saa yake ya ukutani ukiwa chini, kwenye 6. Kwenye sinkroskopu, chini kabisa ni mahali pabaya kuliko pote: mawimbi yamepishana nusu mzunguko, na kati ya viungo vya breka kuna volti mara mbili ya ile ya fezi, yaani 460 badala ya sifuri. Kuingiza breka hapo kunaweza kuvunja kaplingi kati ya injini na jenereta, kupinda waya za ndani na kulipua breka yenyewe.

Kuandika “saa sita” kungemfikisha juu, lakini wapo wanaosoma saa kwa namba zilizo usoni pake, nao watakwenda kwenye 6. Usitumie saa kabisa. Andika:

“Ongeza mwendo wa jenereta inayoingia kidogo kidogo mpaka mshale uzunguke polepole kuelekea upande wa `FAST`, mzunguko mmoja kwa sekunde 10 hivi. Mshale unapokaribia alama ya juu ya duara, kabla tu ya kuifikia, ingiza breka.”

Kila kipande cha agizo hilo kina sababu, na inafaa kuziacha sababu ndani ya tafsiri. Mzunguko mmoja kwa sekunde 10 ni tofauti ya 0.1 Hz tu, kwa hiyo muda wa kuingiza ni wa kutosha. Uelekeo wa `FAST` unatakiwa ili jenereta mpya ikiingia ishike mzigo kidogo. Ikiingia ikizunguka polepole kuliko mwenzake, itasukumwa na kula umeme, na rilei ya kuzuia umeme kurudi nyuma itaikata. Na “kabla tu ya kuifikia” ni kwa sababu breka huchukua sehemu ndogo ya sekunde kushika.

Paneli za zamani hutumia taa badala ya mshale. Kwenye mfumo wa taa zinazofifia, zikizimika zote maana yake ni wakati wa kuingiza. Ongeza onyo hata kama halimo: taa iliyoungua nayo imezimika, kwa hiyo kwanza uzione zote zikiwaka na kufifia pamoja mara kadhaa. Zikiwaka kwa kupokezana badala ya pamoja, mpangilio wa fezi umekosewa, na breka isiingizwe. Lakini ipo mifumo mingine ambamo taa mbili huwaka sana wakati wa kuingiza na moja huzimika. Usitafsiri sura hii bila kuwa na mchoro wa waya wa paneli yenyewe.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa kawaida

Sura hii ni nyepesi, na makosa yake huchukua miaka kujitokeza. Kubwa ni kipande kidogo mwishoni mwa ratiba. Mwongozo ukisema oili ibadilishwe kila saa 250 au miezi 12, lolote litakalotangulia, maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yenye kazi kwa jenereta ya akiba. Ikifanya kazi saa 40 kwa mwaka, saa 250 zitatimia baada ya miaka sita na zaidi. Tafsiri iliyoandika “kila saa 250 au miezi 12” bila nyongeza inampa msomaji ruhusa ya kuchagua. Andika pia “saa za kazi zinazosomwa kwenye mita ya injini”, zisichanganywe na saa za siku.

Neno moja la Kiingereza la ukaguzi hubeba kazi kadhaa, kwa hiyo ligawanye: “tazama” kama mkanda umepasuka, “bonyeza” kupima mkazo wake, “pima” volti ya betri, “ongeza” maji yaliyopungua, “badilisha” chujio. Kutoa hewa kwenye laini ya dizeli kwa Kiingereza ni “kutoa damu”, andika hewa.

Mwongozo ukionya kuhusu jenereta kuendeshwa muda mrefu na mzigo mdogo, usiishie kwenye jina la tatizo. Eleza: injini haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, na majimaji meusi hutoka kwenye maungio ya bomba la moshi. Kipimo kinachotumika sana ni kuiendesha kila mwezi kwa dakika 30 ikiwa na mzigo usiopungua 30%, na kwa jenereta yetu hiyo ni kW 48. Andika kW, ndizo zinazosomeka kwenye paneli.

Hatua ya 7: Jaribu tafsiri kwa kidole

Mpe tafsiri fundi ambaye hajauona mwongozo wa Kiingereza. Mashine iwe imezimwa, swichi iko `STOP`, na waya hasi wa betri umeondolewa. Asome kila agizo kwa sauti na aguse kwa kidole kitu atakachokishika, akisema kitakwenda upande gani: juu au chini, kulia au kushoto. Usimsahihishe wala usimweleze; andika mahali alipositasita na alipokosea. Anza na kurasa za breka na za sinkroskopu. Kisha kaa na mtu wa pili mlinganishe namba zote, mmoja akisoma za Kiingereza na mwingine za Kiswahili, pamoja na vipimo vyake, kwa sababu 0.1 ikigeuka 1.0 hakuna sarufi itakayoionyesha.